Kodi ya kutolea ushindi: mtoto wa dada yuko Uyole, naomba ushauri

Mama Neema, Leicester

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, poleni na kazi. Naomba msaada wa haraka, dada yangu anasubiri jibu usiku huu.

Mwanawe yuko Uyole, kijana wa miaka 22. Alipata apu ya kubeti kwenye kundi la Telegram. Akaweka 50,000, akashinda kidogo, akatoa 20,000, ikaingia kwenye simu muda huohuo. Baadaye mkeka mkubwa ukatiki, salio likasoma 3,200,000. Alipotaka kutoa akaambiwa alipe kwanza kodi ya TRA, asilimia 15, yaani 480,000. Dada akakopa kwenye vikoba, wakatuma. Ikaja ada ya kuhakiki akaunti, 160,000. Wakauza mahindi, wakatuma. Sasa wanadai 320,000 ya "dhamana" ambayo eti itarudi pamoja na ushindi. Dada anasema nimalizie hiyo tu, mtoto atoe hela na madeni yote yaishe.

Ninavyojua TRA wanakata kweli ushindi wa kubeti. Je, hii ni ile kodi?

Baba Tumaini, Minneapolis

Dada, kodi ipo, tusikimbilie kusema utapeli. Hata huku Marekani ushindi wa kamari unatozwa kodi, serikali haikuachii. Waombe risiti. Wakileta risiti yenye nembo ya TRA, mi ningelipa.

Ambakisye, Aarhus

Shikamoo Mama Neema. Tafadhali usitume.

Kabla ya kuja huku nilikuwa huduma kwa wateja kwenye kampuni ya kubeti pale Mbeya mjini, kwa hiyo hili naliongea kwa uhakika. Baba Tumaini, kodi ipo kama ulivyosema, lakini anayeipeleka TRA ni kampuni. Mkeka ukitiki, mfumo unakata kodi kwenye ushindi, mteja anapokea kinachobaki. Ukiangalia tiketi ya kampuni yenye leseni utaona ushindi, kodi, na kile utakacholipwa. Hakuna hatua ambayo mshindi anatoa hela mfukoni mwake ili alipwe ya kwake.

Risiti nayo haikusaidii. Nembo ya TRA mtu anaibandika kwa simu chini ya dakika tano. Cha kuuliza ni hela iliingia wapi. Malipo ya serikali kwetu yanaenda kwa kontrol namba, na ukiiingiza kwenye simu unaona unailipa taasisi gani kabla ya kuweka namba ya siri. Mwulize dada alipotuma 480,000 lilitokea jina la nani.

Ile 20,000 ndiyo chambo chenyewe. Aliweka 50,000, wakamrudishia 20,000 katika hela yake, naye akaamini kwamba apu inalipa. Ile 3,200,000 ni tarakimu waliyoiandika wao kwenye skrini, haipo popote. Na wanaiandika kubwa kwa makusudi, kwa sababu kila ada wanaipiga kama asilimia ya hiyohiyo. Asilimia 15, kisha 5, sasa 10.

Mama Neema, Leicester

Marahaba baba. Nimeuliza. 480,000 ilitoka jina la mwanamke, na 160,000 jina la mwanamume mwingine. Dada aliambiwa ni "maafisa wa malipo".

Shukuru, Reading

Samahani, mimi sielewi. Gari langu lilipofika bandarini Dar nililipa ushuru wote kabla ya kulitoa. Nisingelipa lingekaa pale na gharama za kutunza zikapanda kila siku. Sasa mnasemaje serikali haidai hela kabla? Kuna wakati ukibisha unapoteza mzigo.

Ambakisye, Aarhus

Kaka Shukuru, gari huwezi kulikata kipande ukawapa TRA, ndiyo maana ulilipa kwa hela nyingine. Tena ulilipa kwa kontrol namba, na gari ulikuwa na hati zake. Huku kinachodaiwa ni hela na kinachotozwa ni hela. Kama kijana ana 3,200,000 kwao, wakate 320,000 yao wampe 2,880,000. Wakishindwa kukata, ujue hakuna cha kukatwa.

Mama Neema, mwambie kijana awaandikie hivyohivyo, kwa upole tu: "Kateni humo, mnitumie kinachobaki." Halafu tuone.

Baba Tumaini, Minneapolis

Hapo nimekuelewa, maana hata huku mlipaji ndiye anayekata. Ila zawadi ikiwa gari au safari, huku mshindi anaweza kudaiwa kodi kabla ya kukabidhiwa. Ndiyo iliyonichanganya.

Mama Neema, Leicester

Amewaandikia. "Meneja" amejibu kwamba mfumo umefunga salio kwa sheria ya utakatishaji fedha, hawawezi kugusa hata shilingi. Kijana alipokaa kimya, baada ya kama nusu saa meneja akarudi: "Kwa kuwa wewe ni mteja wangu mzuri, tuma 160,000, nusu nyingine nitakuwekea mimi mfukoni mwangu. Mwisho saa sita usiku, vinginevyo akaunti inafutwa."

Kijana kafurahi, anasema huyo meneja ana utu.

Ambakisye, Aarhus

Mwe! Dhamana gani ya kweli inapunguzwa nusu na mfanyakazi kwa sababu mteja amekaa kimya? Hiyo saa sita nayo ikipita hawafuti kitu, watarudi kesho na bei nyingine. Nimeona watu wakifika ada ya tano.

Fanyeni haya leo. Dada apige simu huduma kwa wateja ya mtandao wake akiwa na namba za miamala yote miwili. Sitamdanganya, hela ikishatolewa kwa wakala hairudi, na hawa wanatoa haraka, lakini taarifa inaweza kufanya laini zile zifungwe. Meseji walizotuma kwa simu azipeleke 15040. Polisi achukue RB, ataihitaji mtandao ukimuuliza.

Halafu niulize jambo moja. Hiyo "kuhakiki akaunti", aliwatumia kitambulisho?

Mama Neema, Leicester

Alituma picha ya kitambulisho cha NIDA pande zote mbili, na yake akiwa amekishika.

Ambakisye, Aarhus

Basi apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Akiona asiyoijua aende dukani kwa mtandao husika ikafutwe. Arudie kila baada ya muda, si leo tu.

Na akae chonjo, siku chache zijazo atatafutwa na "mwanasheria" au "kitengo cha kurejesha fedha" kinachojua kiasi alichopoteza hadi shilingi. Kitamwahidi kumrudishia zote 640,000 kwa ada ndogo. Ni walewale, au waliouziwa namba yake.

Shukuru, Reading

Kwani Bodi ya Michezo ya Kubahatisha si ina orodha ya wenye leseni? Angeangalia kwanza.

Ambakisye, Aarhus

Ipo, lakini matapeli huazima jina la kampuni iliyo kwenye orodha hiyohiyo. Ukitafuta jina unalikuta, huku linki uliyopewa Telegram ni nyingine kabisa.

Mama Neema, Leicester

Nimemwambia dada situmi. Amekasirika, kwa sababu kijana bado anamwonyesha salio kila akifungua apu, na kweli linasoma 3,200,000. Ameniuliza kama nataka mwanawe abaki maskini. Mtandao umepokea taarifa, wamesema watajibu.

Marejesho ya vikoba ni Jumamosi. Hayo nafikiria kuyalipa mimi, moja kwa moja kwa mweka hazina, yasipitie kwenye simu ya kijana. Kuna aliyewahi kufanya hivyo bila kugombana na nduguye?