Tupeane uzoefu: tofauti finiti na matriksi ya diagonali tatu, kosa hujificha wapi?

HatuaNdogo: Wakuu, uzi huu ni wa wanaokokotoa milinganyo ya daraja la pili yenye masharti kwenye mipaka yote miwili. Leta kosa unalolijua na namna ya kulitambua. Naweka mfano mmoja ili sote tuwe nao mbele ya macho: u'' = 12x², u(0) = 0, u(1) = 1. Jibu kamili ni x⁴. Ukigawa vipande vinne, h ni 0.25, na nukta za ndani zisizojulikana ni tatu:

```
-2*U1 +   U2        = 0.046875
   U1 - 2*U2 +   U3 = 0.1875
          U2 - 2*U3 = 0.421875 - 1
```

Upande wa kulia ni h² mara 12x². Ile 1 inayotolewa mwishoni ni u(1), maana thamani yake tunayo tayari, kwa hiyo inavuka kwenda kulia. Majibu: 0.015625, 0.078125 na 0.328125.

Kokotoa: Hiyo 1 ndiyo husahaulika zaidi. Ukiiacha, programu haitalalamika, itakutolea mstari laini kabisa. Katikati utapata -0.421875 badala ya 0.078125, yaani umekokotoa kana kwamba u(1) ni sifuri. Dalili yake ni kwamba kosa linakua kwa mstari ulionyooka kuelekea mpaka wa kulia, na ukipunguza h halipungui hata kidogo.

Mwanafizikia_K: Mimi hupima kwa u'' = 6x, ambayo jibu lake ni x³. Majibu yakitoka sawasawa, najua programu ni sahihi na kwamba usahihi ni wa daraja la pili.

Kokotoa: Nusu ya kwanza nakubali mkuu, ya pili hapana. Kwa x³ fomula hii haina kosa lolote kwa h yoyote ile, kwa sababu kosa lake linaanzia kwenye derivativi ya nne. Kipimo chako kinaonyesha kwamba matriksi imepangwa vizuri, lakini hakisemi lolote kuhusu kasi ya kosa kupungua. Kwa x⁴ kosa katika kila nukta ni h²x(1-x) kamili. Katikati, vipande vinne vinatoa 0.015625, vipande vinane 0.00390625. Limegawanyika kwa nne, na hapo ndipo daraja la pili linaonekana. Likigawanyika kwa mbili tu, kagua mipaka kwanza.

Safu_Tatu: Upande wa kusuluhisha, wengi tunatumia njia ya Thomas:

```
for i in range(1, n):
    w = a[i] / b[i-1]
    b[i] -= w * c[i-1]
    d[i] -= w * d[i-1]
```

Baada ya hapo unarudi kinyumenyume kutoka nukta ya mwisho. Katika mfano wa hapo juu, diagonali ya kati inageuka kuwa -2, -1.5, -1.3333. Chapisha namba hizo kwenye skrini, ukiziona tofauti basi faharasa za `a` zimesogea nafasi moja. Na angalieni, kipande hiki kinaandika juu ya `b` na `d`. Ukikiita mara ya pili bila kunakili, kinaanza na diagonali iliyokwisha kuharibiwa.

Bi_Namba: Samahani, yangu ina mteremko, si thamani: u'(1) = 4. Niliweka (U4 - U3)/h = 4 na kosa linapungua kwa nusu tu.

Kokotoa: Dada, hiyo tofauti ya upande mmoja ni ya daraja la kwanza, na inachafua majibu ya ndani pia. Fikiria nukta moja nje ya mpaka: U5 = U3 + 2h·4. Iingize kwenye mlinganyo wa nukta ya mwisho, upate 2U3 - 2U4 = 12h² - 8h. Diagonali tatu zinabaki vilevile. Ila usiweke mteremko pande zote mbili, maana kigawanyo cha mwisho kitakuwa sifuri: ukiongeza namba yoyote kwenye jibu, linabaki kuwa jibu.

Mwanafizikia_K: Na 0.01u'' - u' = 0, u(0) = 0, u(1) = 1? Kwa h = 0.1 majibu yanaruka juu na chini. Ni Thomas anayeyumba?

Safu_Tatu: Thomas anasuluhisha alichopewa. Ukitumia tofauti ya kati kwa u', h lazima iwe chini ya 0.02, yaani zaidi ya vipande hamsini. Mimi huchukua tofauti ya nyuma kwa u', mruko unakwisha.

Kokotoa: Unakwisha, lakini umerudi daraja la kwanza na mpando mkali karibu na x = 1 unatandazwa. Afadhali kubananisha nukta pale mwishoni.

Safu_Tatu: Ukibananisha, h hazilingani tena na fomula ya 1, -2, 1 haifai. Kwa kazi ya haraka bado nachagua tofauti ya nyuma.