Naomba ushauri: kadi ya mihuri saluni, nihesabu ziara au malipo?

Habari zenu wakuu. Nina saluni ya nywele yenye wasusi watatu. Miezi minne iliyopita nilianzisha kadi: kila ukija unagongewa mhuri, ikifika sita unaoshwa na kufanyiwa stimingi bure, katikati ya wiki tu, viti vinapokuwa vitupu. Kwangu gharama ni shampuu na krimu kidogo.

Tatizo ni kwamba mteja wa kuosha na kuseti huja kila wiki, kwa hiyo anajaza kadi kwa mwezi mmoja na nusu. Wa rasta analipa mara nne yake, ila hurudi baada ya wiki sita hivi. Kadi yake itajaa baada ya miezi minane! Wengi wameshaipoteza.

Sasa kadi zote zinabaki kaunta kwenye kisanduku, zimepangwa kwa jina, na mhuri nashika mimi (msusi mmoja alikuwa anawagongea mashoga zake). Hapo pametulia.

Nafikiria rasta zihesabiwe mihuri minne, kuosha mmoja. Wa rasta atapata zawadi ziara ya pili, akiwa ameshalipa zaidi ya yule wa kila wiki. Kuna aliyejaribu hivi? Wale wa kila wiki hawakulalamika?

La pili: wasusi wangu wanalipwa kamisheni, hivyo mteja wa bure wanamkwepa. Nyie mnamlipaje msusi kwa kazi hiyo, kamisheni kamili au kiasi maalumu?