Waranti ya miaka 10 ya friji ni ya kitu gani hasa? Nimechoka kuzungushwa!

Mzee_wa_Barafu: Wakuu, nina hasira. Miezi 14 iliyopita nilinunua friji mtandaoni, tangazo limeandika kwa herufi kubwa WARANTI MIAKA 10. Juzi limekufa: taa inawaka, ubaridi hakuna, mota kimya kama kaburi. Muuzaji kanijibu, "Nenda kwa wakala wa mtengenezaji." Nimekwenda. Fundi wao kapima, kasema kompresa ni nzima, iliyokufa ni bodi ya umeme, na bodi waranti yake ni miezi 12. Sasa hiyo miaka 10 ni ya nini? Ya mlango?

Halafu risiti. Nimeitoa kwenye bahasha ya plastiki nilikoitunza kama cheti cha ndoa, imekuwa nyeupe pee!

Chaumbea: Kosa lako mkuu. Mtandaoni una siku kadhaa za kurudisha bidhaa. Ungeirudisha mapema usingekuwa hapa.

Mzee_wa_Barafu: Ningerudisha friji linalogandisha vizuri kwa sababu gani? Niliota litakufa?

Fundi_Gesi: Chaumbea, kurudisha bidhaa ni jambo moja na waranti ni jingine. Siku za kurudisha ni za mwanzo tu, na kila duka lina masharti yake. Kitu kikifa mwezi wa 14, hapo tunazungumzia waranti.

Mzee, pole. Miaka 10 kwa kawaida ni ya kompresa peke yake. Na hata ingekuwa ndiyo imekufa, mara nyingi wanakupa kompresa tu, ufundi na gesi unalipa mwenyewe. Hayo huandikwa kwenye kadi ndani ya boksi, kwa maandishi ya kuwatesa wazee.

Friji lako bila shaka ni la inveta. Kompresa ya namna hiyo haichukui umeme moja kwa moja ukutani, inalishwa na bodi. Bodi ikifa, hata kompresa isiyo na tatizo inanyamaza, na wewe unadhani mota imeungua. Kwa hiyo fundi anaweza kuwa mkweli. Ila usikubali maneno matupu, mwombe ripoti ya maandishi. Kompresa hiyo ina pini tatu: ukipima kati ya kila mbili, vipimo vitatu vinatakiwa kukaribiana sana, na pasiwe na pini inayogusana kiumeme na ganda la chuma la kompresa. Vipimo hivyo viwemo kwenye ripoti.

Bi_Mkubwa: Mimi blenda yangu walikataa kuirudisha kisa nimetupa boksi. Na rangi yenyewe haikuwa ile ya kwenye picha! Hivi naweza kuwashitaki?

Mtu_wa_Karatasi: Risiti ikifutika basi, huna ushahidi. Na kadi isiyogongwa muhuri wa duka ni karatasi ya kufungia karanga.

Fundi_Gesi: Nusu kweli. Risiti zile hazina wino, karatasi yenyewe hubadilika rangi kwa joto, kwa hiyo joto, mwanga na hata plastiki nyingine huzifuta. Ipige picha siku ileile. Lakini aliyenunua mtandaoni ana barua pepe ya oda na rekodi ya malipo, na hivyo ni ushahidi.

Tatizo ni kwamba oda nyingi huandika "friji, kijivu" bila seriali namba, na wakala anataka kujua kama ndilo friji hilohilo. Piga picha stika ya ndani ya friji, uiweke pamoja na hati ya kupokelea mzigo. Usipokuwa na tarehe ya kununua, baadhi yao huhesabu kuanzia tarehe ya kutengenezwa, na miezi ya stoo inakuwa juu yako.

Swali moja, Mzee: lilianza kusumbua lini?

Mzee_wa_Barafu: Mwezi wa 11 tangu nilinunue lilikuwa linakata na kurudi. Nilimwandikia muuzaji kwenye aplikesheni, akaniambia nilizime saa 24 lipumzike.

Fundi_Gesi: Mbona hukusema mwanzo! Hapo ulilalamika ukiwa ndani ya miezi 12. Hitilafu ileile ikiendelea, una hoja ya kusema ilianza kabla waranti haijaisha. Chukua skrinishoti sasa hivi, ionyeshe tarehe, namba ya oda na jibu lake. Usisubiri, mazungumzo ya humo yanaweza kufutika akaunti ya muuzaji ikifungwa.

Mtu_wa_Karatasi: Watamwambia ni umeme kupanda na kushuka. Hilo waranti nyingi hazilibebi.

Fundi_Gesi: Wanaweza. Ndiyo maana nasema ripoti iseme bodi imekufa kwa nini, siyo "imeungua" tu.

Mzee_wa_Barafu: Nimezipata jumbe, tarehe inaonekana, mwezi wa 11 kamili. Nimemtumia muuzaji na wakala pia. Muuzaji kasoma, kanyamaza. Wakala kasema nilete friji tena, usafiri juu yangu. Samaki wangu walio kwa jirani wananuka hadi huku, alikuwa ameniwekea kwa wema wake.

Bi_Mkubwa: Na blenda yangu je?