Maoni yetu chini ya video ya mnada wa korosho yanapotelea wapi?

Mkulima wa Nanyamba: Jamani, chini ya ile video ya mnada niliuliza kwa nini malipo ya kangomba, wale wanunuzi wa vichochoroni, hayana makato na sisi wa chama cha ushirika tunakatwa. Nikaweka na kiungo cha tangazo la bei. Kwenye simu yangu maoni nayaona, kwenye simu ya binti yangu hayapo. Ni haki mwenye chaneli kufuta maoni ya mkulima?

Kijana wa Chikongola: Si mwenye chaneli, mjomba. Ni mashine ya YouTube, Kiswahili haikielewi, ikikutana na neno geni inafuta. Mimi niliandika "hongera" kwenye harusi ya dada yangu, ikapotea.

Bi Mikindani: Mashine ipo, ila hapa hakuna kilichofutwa. Yangefutwa, na mjomba mwenyewe asingeyaona. Yamezuiliwa yasubiri kukaguliwa, na aliyeandika mara nyingi huendelea kuyaona akiwa ameingia kwa akaunti yake. Nasimamia chaneli ya kikundi chetu cha ngoma, kwa hiyo foleni hiyo naifungua kila jioni. Katika YouTube Studio, upande wa maoni, yapo yaliyokwisha kutoka na yapo ya `Held for review`. Mwenye chaneli akichagua kuzuia viungo, kila maoni mapya yenye anwani ya tovuti yanaangukia huko kabla mtu hajayasoma. Asipoyagusa, siku 60 zikipita yanaondoka.

Mwana Lindi: Siku 60! Msimu wa mnada umekwisha. Hiyo si foleni, hiyo ni kuzika. Nyie wa Mtwara mmezoea kunyamazishwa.

Kijana wa Chikongola: Nani kanyamazishwa? 2013 tuliposimama kwa ajili ya gesi, nyie Lindi mlikuwa wapi?

Mwana Lindi: Gesi gani? Songo Songo iko Kilwa, Mkoa wa Lindi, na gesi yake ilianza kwenda Dar 2004, bomba lenu halijachimbiwa hata mtaro. Soma kwanza.

Kijana wa Chikongola: Na Mnazi Bay iko wapi? Msimbati! Bomba kubwa limeanzia Mtwara, si kwenu.

Mama Tandahimba: Wanangu, gesi iacheni. Mimi nalalamikia kingine. Niliuliza korosho za daraja la pili zilinunuliwa shilingi ngapi, chini yake nakuta mtu kaandika "muongo mkubwa wewe." Nimelia. Nimemdanganya nani mimi?

Bi Mikindani: Pole mama. Huenda hakukujibu wewe. Jibu la kweli hukaa ndani, chini ya maoni ya yule anayejibiwa. Yule kaandika pembeni, peke yake, akimlenga mwingine. Tena YouTube haipangi kwa saa. Kwa kawaida inatanguliza yale inayoona yana uzito, yenye kupendwa na kujibiwa, na yaliyobandikwa na mwenye chaneli yanakaa juu kabisa. Ndiyo maana simu mbili zinaonyesha mpangilio tofauti. Gusa mahali pa kupanga, chagua mapya kwanza, utaona huyo mtu yuko mbali na wewe. Na kama aliyemlenga amefutwa, majibu yaliyokuwa ndani yake yameondoka naye, limebaki hilo la pembeni halina mwenyewe.

Mkulima wa Nanyamba: Sasa nitajuaje kwangu ni kiungo au ni chuki?

Bi Mikindani: Toka kwenye akaunti, au tumia simu ya binti, panga mapya kwanza. Andika swali lilelile bila kiungo. Likionekana, kosa lilikuwa kiungo. Lisipoonekana, litoe neno "kangomba" uandike tena, maana mwenye chaneli anaweza kuwa na orodha ya maneno anayoyazuia, na anaijaza mwenyewe. Hata "asante" tupu isipoonekana, na kwenye chaneli nyingine unaonekana, basi amekuficha wewe, na hakuna taarifa utakayoletewa.

Mkulima wa Nanyamba: Nimejaribu. Bila kiungo bado halipo. Nilipoandika "wanunuzi wa vichochoroni" badala ya kangomba, binti ameliona.

Mwana Lindi: Nilisema mimi! Neno la wakulima limepigwa marufuku.

Bi Mikindani: Inaelekea hivyo, ingawa mara nyingine mashine yenyewe inazuia bila orodha, na kwa nje huwezi kuitofautisha. Na mimi ninayo orodha. Nimeweka matusi ya nguoni, wazee wetu wanaangalia ngoma zile. Sioni aibu.

Mama Tandahimba: Matusi sawa, mwanangu. Lakini kangomba si tusi, ni watu wanaokuja na mizani zao usiku wakati mtoto anadaiwa ada. Likifichwa neno, tutamsema nani?

Kijana wa Chikongola: Mwenye chaneli aje aseme hapa kama hilo neno limo. Na Mwana Lindi, Msimbati bado hujanijibu.