Tupeane uzoefu: waliohama malloc ya kila nodi wakaenda kwenye arena, yaliwakuta yapi?

Baridi_ya_Uyole: Kamwene wakuu. Leo nimekumbushwa kitu. Nina programu yangu ya C inajenga mti wa maneno, kila herufi nodi, nodi kama milioni moja na nusu, kila moja nilikuwa naiombea malloc yake. Kazi yenyewe inaisha haraka, halafu programu inakaa tu imeganda, nikadhani imekufa kumbe inapita nodi moja moja kufanya free. Jana nimekata bloku kubwa kubwa mwanzoni, nodi nazigawa kwa kusogeza namba tu, mwisho natupa bloku zote kwa mkupuo, ndo arena hiyo. Kule kuganda kumeisha kabisa. Sasa mtu mmoja hapa Mafiati kaniambia "subiri, utalia". Nilie na nini? Walioshalia waje.

mtu_wa_Mafinga: Hutalia. Ni kama kukodi fuso zima badala ya kulipia nauli gunia moja moja. Mimi nimetumia mwaka mzima, raha tupu.

Nyanya_Chungu: +1, raha tupu

Chai_Bichi: Hiyo raha naijua, na kulia nimelia, tena mbele za watu. Kaeni niwasimulie maana kila nikisikia neno arena tumbo linacheza.

Kuna ushirika mmoja wa chai huku kwetu upande wa Tukuyu, siutaji, niliwaandikia programu ya kujumlisha majani mabichi. Mkulima ana namba ya kadi, anapima bandani, kilo zinaingia kwenye faili la siku, mwisho wa mwezi programu yangu inasoma mafaili yote inajenga mti wa kadi, ikikuta kadi ipo inaongeza kilo, isipokuwepo inaweka nodi mpya. Nikaweka arena ya nodi 1,024 kwa kuanzia, ikijaa naikuza mara mbili kwa realloc. Na nikajiona mjanja kwa sababu nilishasoma kwamba realloc inaweza kuhamisha bloku, pointa zote zikabaki zinaelekea kwenye nyumba iliyohamwa, kwa hiyo sikutumia pointa, nilitumia namba ya nodi, kushoto ni nodi namba fulani, kulia ni namba fulani. Bloku ihame isihame, namba ni ile ile. Nodi yenyewe ikapungua toka baiti 32 hadi 24. Nikajaribu kwa faili la kadi 600, safi kabisa, nikakabidhi, nikalipwa, nikala kuku.

Mwezi wa pili anakuja mama mmoja ofisini na stakabadhi zake tatu kazifunga kwenye khanga: kilo 18, kilo 21, kilo 16. Kwenye karatasi ya malipo kaandikiwa 37. Jumla yake ni 55, hata mtoto wa darasa la tatu anaona. Mama anasema karani kamla kilo 18. Karani analia, anasema yeye kaingiza zote, na kweli tukafungua faili la siku ile tukaikuta 18 imeandikwa. Bosi ananiangalia mimi. Mvua ya Tukuyu inapiga bati husikii mtu, mimi jasho linanitoka.

Siku mbili sikulala. Nikahesabu nodi zilizokatwa kwenye arena: 7,214. Nikautembelea mti kuanzia shina: nodi 7,212. Mbili ziko kwenye arena ila mti hauzijui! Nikapita arena kama orodha ya kawaida, toka sifuri hadi mwisho, nikitafuta kadi iliyojirudia, maana kwenye mti kadi haitakiwi kuwepo mara mbili. Zikatoka mbili, na zile za mwanzo zimekaa namba 1024 na 4096. Hapo ndo nikaelewa. Zote mbili ni nodi zilizoingia arena ikiwa imejaa hadi mdomoni, yaani zile zilizoamsha realloc. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

```c
a->n[p].kulia = nodi_mpya(a, kadi, kilo);
```

Mnauona? Mimi sikuuona.

Baridi_ya_Uyole: Siuoni na mimi, namba si unatumia?

Chai_Bichi: Natumia namba, ila ili uandike kwenye `a->n[p].kulia` lazima kompaila ijue hiyo sehemu iko wapi kwenye memori. Yangu ilikuwa inatafuta kwanza anwani ya upande wa kushoto, ndipo inaita nodi_mpya. Ndani ya nodi_mpya realloc inahamisha bloku. Inarudi na namba sahihi, inaiandika kwenye anwani ya ZAMANI. Mzazi kwenye bloku jipya hajui kama kapata mtoto. Yule mama alipokuja kupima mara ya pili programu haikuona kadi yake, ikamfungulia nodi nyingine ya kilo 21, ikaongeza 16. Ile 18 ikabaki inaelea. Dawa ikawa mistari miwili:

```c
uint32_t m = nodi_mpya(a, kadi, kilo);
a->n[p].kulia = m;
```

Mama alilipwa kilo zake, karani akaombwa radhi, kuku niliyemla alinitokea puani.

Nyanya_Chungu: dah. karani angefukuzwa hivi hivi

Kompaila_ya_Iringa: Pole kaka, ila hayo ni makosa ya kutumia lugha ya mababu. Kwenye C++ upande wa kulia wa alama ya sawasawa unamalizwa kwanza, hadithi yako isingekuwepo.

Mzee_wa_Nodi: Kijana, hilo ni kuanzia C++17, kabla ya hapo hata C++ ilikuwa haiahidi chochote. Na kwenye C mpaka leo kompaila ina ruhusa kuanza upande wowote, ukibadilisha tu `-O0` kuwa `-O2` matokeo yanaweza kugeuka. Na hata kwa hiyo C++17 yako, ukimpa mtu rejea ya nodi halafu ukakuza arena kwenye mstari unaofuata, umerudi pale pale. Usimtukane mwenzio.

Kompaila_ya_Iringa: Sijamtukana mzee shikamoo, nimesema tu.

Mzee_wa_Nodi: Marahaba. Chai_Bichi, nina swali moja. Nodi ya 2048 nayo iliamsha realloc, mbona haikupotea?

Chai_Bichi: Hata mimi nilijiuliza mzee. Nadhani wakati ule bloku lilikuwa la mwisho kwenye foleni, mbele yake pametupu, likarefushwa pale pale bila kuhama. Ile ya 1024 ilihama kwa sababu nilifungua faili baada ya kukata arena, kwa hiyo kulikuwa na kitu kimekaa mbele yake.

Mzee_wa_Nodi: Ndivyo. Na ulikuwa na bahati mbaya ya kuwa na kadi chache. Zingepita 8,192, bloku lako lilishafika kilobaiti 192, na kwenye Linux glibc vipande vikubwa hivyo inaviomba moja kwa moja kwa mfumo, vikihama anwani ya zamani inafutwa kabisa. Ungepata `Segmentation fault` siku ya kwanza badala ya mama na khanga. Bloku dogo likihama, nyumba ya zamani inabaki imesimama, unaingia unaandika ukutani, hakuna anayekuuliza. Ndiyo maana mimi arena siikuzi kwa realloc hata siku moja. Ikijaa nakata bloku jingine naliunganisha kwa mnyororo, la zamani halisogei. Pointa zinabaki halali, na mwisho unapita mnyororo bloku kumi au ishirini unazitupa.

Njombe_Parachichi: samahani wakuu mi mgeni, hizi nodi ni zile za kwenye tawi pale jicho linapotokea? maana nina miche ya hass kitaluni inaoza kwenye kiungio

Nyanya_Chungu: 😂😂😂 mkuu umepotea njia, punguza maji kwanza

Lumbesa: Mimi nina la kuuliza bila kumkera mtu. Kadi 7,000 mara baiti 24 ni kilobaiti mia na sabini hivi. malloc ya kawaida ingemaliza hiyo kazi kabla hujapepesa jicho. Arena ya nini? Umejaza lumbesa kwenye baiskeli.

Chai_Bichi: Nilitaka kuringa. Nimeshasema nimelia, unataka nini tena.

Lumbesa: Haha sawa. Ila kwa mwenye uzi, nodi milioni moja na nusu, hapo inalipa. Nodi yenye baiti 32 ukiiomba kwa malloc ya glibc kwenye mashine ya biti 64 inachukua 48, kwa sababu ya baiti 8 za hesabu zake na kuzungushia hadi 16. Kwenye arena ni 32 zile zile, halafu zinakaa jirani jirani.

mtu_wa_Mafinga: Ndo nilichosema, arena inafuta kila kitu kwa mkupuo, hakuna kuvuja.

Dada_wa_Kihesa: Kila kitu KILICHOMO NDANI YAKE mkuu. Mimi yangu ilikuwa C++, nodi ina `std::string` ya jina la mteja. Kwenye majaribio niliweka majina mafupi, Asha, Juma, memori imetulia wiki nzima. Kwenye seva yakaja majina matatu matatu, na huku kwetu jina la ukoo peke yake ni safari. Memori ikawa inapanda kila siku, hairudi. Kumbe kwa g++ jina la herufi hadi 15 linakaa ndani ya nodi yenyewe, likizidi linaombewa sehemu yake nje. Mimi natupa bloku bila kuita destrakta, bloku linaenda, majina yanabaki yatima. Sasa hivi herufi zenyewe nazinakili ndani ya arena, nodi inashika pointa na urefu tu.

mtu_wa_Mafinga: ...ngoja nikaangalie kitu

Nyanya_Chungu: mwaka mzima raha tupu eeh 😂

Baridi_ya_Uyole: Aisee. Sasa mimi natumia arena moja, nikimaliza faili narudisha namba kwenye sifuri naanza faili jingine. Nikibaki na pointa ya faili la jana?

Mzee_wa_Nodi: Utasoma nodi ya leo ukidhani ni ya jana, na Valgrind itanyamaza kimya maana memori bado ni yako. Kabla ya kurudisha sifuri, ukiwa kwenye majaribio, jaza bloku zima `memset` ya 0xDD. Ukiona namba za ajabu zinazoanza na DDDD ujue umeshika maiti.

Kompaila_ya_Iringa: Au atumie tu kukata arena mpya kila faili, aitupe. Kurudisha sifuri ni uvivu.

Lumbesa: Kukata mpya kila faili ndo uvivu wenyewe, kila mara mfumo unakuletea kurasa mpya tupu upya, unalipa tena.

Kompaila_ya_Iringa: Umepima?

Lumbesa: Wewe umepima?

mtu_wa_Mafinga: Wakuu nimerudi. Nina `std::string` tatu kwenye nodi. Dada wa Kihesa naomba nikufuate inboksi.