Naomba ushauri: mwanachama kapunguza deni katikati, jedwali la Excel linagoma

Habari zenu wadau. Natunza hesabu za kikundi chetu cha kukopeshana, Ujiji, Kigoma. Mkopo ni 1,200,000 kwa miezi 12, riba 2% kwa mwezi juu ya salio. PMT inatoa rejesho la 113,472. Mwezi wa kwanza riba ni 24,000, na 89,472 inapunguza deni lenyewe. Mpaka hapo safi.

Mwezi wa 4 huyu mama (dagaa walikubali) akalipa rejesho lake na 300,000 juu. Salio likabaki 531,233. Riba ya mwezi wa 5 ilipaswa kuwa 10,625, lakini safu yangu inaonyesha 16,625, kwa sababu IPMT hutazama mkopo wa awali tu:

```
=IPMT(2%,A9,12,-1200000)
```

Nimejaribu kuchukua riba kwenye salio la mstari wa juu, ikakubali:

```
=ROUND(E8*2%,0)
```

Sasa tuendelee na 113,472, amalize mwezi wa 9 kwa rejesho la mwisho dogo kidogo, au nipige PMT upya kwa miezi 8, alipe kama 72,519? Mkataba wetu haukusema. Mimi naegemea la kwanza, riba inapungua zaidi. Nyie mnafanyaje?