Masta ya Erasmus Mundus au digrii mbili kupitia chuo cha hapa Bongo, ipi ina unafuu?

Mtoto_wa_Tabata: Wakuu habari, nimemaliza digrii ya mazingira na nina njia mbili mbele yangu, ya kwanza kuaplai Erasmus Mundus, ile masta ya pamoja ya vyuo vya Ulaya, ya pili chuo kimoja cha hapa kina makubaliano na chuo cha nje, mwaka mmoja hapa mwaka mmoja kule. Ada zikoje na cheti anatoa nani?

Bwana_Mipango: Erasmus unaaplai moja kwa moja kwa programu yenyewe, sio ubalozini. Dirisha nyingi hufunguka Oktoba na kufungwa kati ya Desemba na Februari, masomo Septemba. Ukipata ufadhili ada na bima hulipi, unapewa yuro 1,400 kwa mwezi, miezi 24 mwisho. Jumla 33,600, lakini humo humo toa tiketi, viza, na kuhama nchi katikati ya masomo, maana hakuna hela nyingine ya safari. Ukikubaliwa bila ufadhili, ada ni juu yako, na hapo ndo wengi wanapoachia nafasi.

Pilipili_Mbuzi: Cheti ni kimoja tu chenye nembo za vyuo vyote, ndo maana inaitwa ya pamoja.

Bwana_Mipango: Sio lazima mkuu. Programu zingine zinatoa kimoja cha pamoja, zingine kila chuo ulichosoma kinatoa chake, na chuo ambacho hukukanyaga mara nyingi jina lake hulioni popote. Kabla hujaanza utasaini mkataba wa mwanafunzi, uliza hapo nani anatoa nini.

Shemeji_wa_Ng'ambo: Mimi nilipata viwili. Cha kwanza kilikuja mapema, cha pili nikakisubiri miezi saba kwa sababu chuo kimoja kilikuwa hakijatuma matokeo kwa mwenzake, huku kazini wanataka vyeti, nikawa natembea na barua ya kuthibitisha nimemaliza mpaka ikachakaa. Ombeni hiyo barua mapema.

Karafuu_Unguja: Si uende IIT Madras hapa Zanzibar, ipo tangu 2023, huna haja ya viza!

Bwana_Mipango: Hiyo ni tawi la chuo cha India bibie, cheti ni cha IIT Madras peke yake. Kauliza vyuo viwili.

Mtoto_wa_Tabata: Na hii ya hapa? Wameniambia ada nalipa hapa tu.

Bwana_Mipango: Kwa miaka yote miwili au mwaka wa kwanza? Wakuoneshe kwa maandishi. Halafu ule mwaka wa nje uliza unasajiliwa kama mwanafunzi wao kamili au mgeni wa kubadilishana, maana ukiwa mgeni unarudi na transkripti tu, cheti kitabaki cha hapa.

Pilipili_Mbuzi: TCU je, vyeti viwili watavihesabu masta mbili?

Shemeji_wa_Ng'ambo: Mimi nilipeleka vyote pamoja na transkripti zote. Kazini kwangu nimehesabiwa masta moja, ya wengine sijui.

Mtoto_wa_Tabata: Sawa, kesho naenda ofisini kwao kuuliza hilo la usajili.